Bakteria hana ubongo, sasa anajuaje aende wapi na wenzake wametosha?

Swali: "Dokta naomba msaada. Notsi zetu za bayolojia zinasema hata viumbe vya seli moja vinatumia ishara, wakatoa mifano miwili, kemotaksisi na kuhisi akidi, halafu wakapita zao. Sielewi bakteria mmoja asiye na ubongo anajuaje chakula kiko upande gani, na anajuaje kama wenzake wametosha? Na hivi vitu viwili ni kitu kimoja au tofauti?"

Nianze na la mwisho manake ndo litakufungulia mengine yote. Mwanzo wake ni uleule. Kuna molekuli ndogo kwenye maji, inakuja inashikana na protini ya bakteria, ile protini inabadilika umbo, na hayo mabadiliko yanasafiri mpaka yanageuza tabia ya seli. Mpaka hapo hamna tofauti. Tofauti inakuja kwenye seli inataka kujua nini. Kwenye kemotaksisi, yaani kuogelea kwa kufuata kemikali, inataka kujua "hiki kitu kinaongezeka au kinapungua", kiasi chenyewe haikijali sana. Kwenye akidi, yaani kuhisi kama wenzake wametosha, ni kinyume, inataka kujua "kimefika kiwango au bado". Ukilishika hilo utaona kwanini mashine zenyewe zimeundwa tofauti kabisa huko ndani.

Tuchukue E. coli kwanza. Urefu wake kama maikromita 2 hivi, anaogelea maikromita 20 mpaka 30 kwa sekunde, yaani kila sekunde anapita urefu wa mwili wake mara kumi au zaidi. Wazo la kwanza linalomjia kila mtu ni kwamba labda analinganisha kichwa na mkia, upande wenye chakula kingi ndo anaelekea. Inaonekana ni akili ya kawaida lakini sivyo anavyofanya. Kwenye umbali wa maikromita 2 tofauti ya kiwango ni ndogo mno, na molekuli zinagonga seli kwa kubahatisha, sekunde hii nyingi kidogo, ijayo chache kidogo, kwahiyo ile tofauti inamezwa na kelele. Anacholinganisha ni muda. Anaogelea, huku anapima sasa hivi kukoje na sekunde chache zilizopita kulikuwaje.

Hili lilithibitishwa kwa jaribio zuri sana la Macnab na Koshland, 1972. Walichukua Salmonella, ndugu wa karibu wa E. coli, wakiwa kwenye maji yenye kidogo tu ya kivutio, yaani kemikali inayowavuta kama chakula, wakawachanganya haraka sana na maji yenye kivutio kingi. Baada ya kuchanganya, kiwango kilikuwa sawa kila mahali, hamna mbele wala nyuma penye zaidi. Kama bakteria wangekuwa wanalinganisha kichwa na mkia wasingeona kitu. Lakini wote waliacha kujigeuza wakawa wanaogelea moja kwa moja, kana kwamba wanapanda kuelekea kwenye chakula, halafu baada ya muda wakarudi kwenye tabia yao ya kawaida, na kile chakula bado kipo palepale. Hapo kuna mambo mawili kwa mpigo: wanahisi mabadiliko ya muda, na wanazoea.

Sasa "tabia ya kawaida" ni ipi? Mwaka huohuo 1972 Berg na Brown walitumia hadubini inayomfuata bakteria mmoja popote anapokwenda, wakaona anaogelea mbio iliyonyooka kama sekunde 1, halafu anajipindua kama sehemu moja ya kumi ya sekunde, anatoka na uelekeo mpya ambao ni wa bahati nasibu karibu kabisa, anakwenda tena. Usukani hana. Hawezi kuamua "nakata kushoto". Anachoweza ni kimoja tu, kuchelewesha kujipindua. Mambo yakiwa yanaboreka, mbio inarefuka. Mambo yakiharibika, mbio inabaki fupi kama kawaida. Ni kama mtu yuko kwenye giza totoro anatafuta harufu inakotoka, harufu ikizidi anaendelea na hatua, isipozidi anajizungusha bila kuangalia na kujaribu upande mwingine. Inaonekana ni njia ya kijinga lakini inafanya kazi vizuri tu.

Ndani ya seli inakwendaje? Twende nayo polepole. Ana flajela kadhaa, yaani mikia mirefu myembamba ya kuogelea, kila moja imefungwa kwenye mota ya kuzunguka. Mota zote zikizunguka kinyume cha saa, flajela zinajisokota kuwa fungu moja nyuma na linasukuma seli mbele. Moja au chache zikigeuka kuzunguka kisaa, fungu linatawanyika, seli inapinduka. Kwahiyo swali zima la kemotaksisi linabaki kuwa nani anaiambia mota igeuke.

Anayeiambia ni protini inaitwa CheY ikiwa imebebeshwa fosfati. Fosfati anabebeshwa na CheA, na CheA amekaa chini ya vipokezi vilivyopita kwenye utando, kwa mfano Tar kinachoshika aspati na Tsr kinachoshika serini, asidi amino mbili ambazo kwake ni chakula. Na hapa ndo wanafunzi wengi wanaandika kinyume kwenye mtihani, kwahiyo shika vizuri. Chakula kikishikana na kipokezi, CheA *anazimwa*. Haamki. Yeye muda wote yuko kazini anabebesha fosfati, ndo maana bakteria asiyeona kitu anajipindua kila baada ya sekunde. Kivutio kikija kazi ya CheA inapungua, na kuna protini nyingine, CheZ, ambayo kazi yake ni kumvua CheY fosfati bila kupumzika, hivyo ndani ya sehemu ya sekunde CheY wenye fosfati wanapungua, mota haipati amri ya kugeuka, mbio inarefuka. Habari njema kwa huyu bakteria inasafiri kama ukimya.

Ukiishia hapo lakini una tatizo. Bakteria aliyeingia sehemu yenye aspati ya kutosha angezima CheA moja kwa moja, angeogelea mstari ulionyooka mpaka atokee upande wa pili na kupita chakula. Lazima azoee. Kazi hiyo inafanywa na CheR na CheB. CheR anabandika vikundi vya methili kwenye sehemu ya ndani ya kipokezi, taratibu, na kila kipokezi kina nafasi nne kuu za kubandika. Methili zikiongezeka CheA anarudi kuwa mkali hata kama aspati bado imeshikilia kipokezi. CheB anabandua, na ukali wa CheB unategemea fosfati kutoka kwa CheA huyohuyo. Unaona mzunguko ulivyo? CheA akizidi, CheB anapata nguvu, methili zinabanduliwa, CheA anashushwa. CheA akizimwa, CheB naye analegea, CheR anaendelea kubandika, CheA anapandishwa. Mwisho wa siku kazi ya CheA inarudi palepale ilipokuwa, kiwango cha chakula kiwe kidogo au kikubwa.

Sasa hizo methili ndo kumbukumbu yenyewe. Idadi yake inaeleza hali ilikuwaje sekunde chache zilizopita, kwasababu kubandika kunachukua muda wakati kushikana kwa chakula na kipokezi ni papo hapo. Mfuate bakteria mmoja uone. Anaogelea kuelekea kwenye aspati, kila nukta vipokezi vinavyoshika vinaongezeka kidogo, methili zinamkimbilia lakini ziko nyuma, kwahiyo CheA anabaki amelegea na mbio inaendelea sekunde 2, 3. Anafika mahali kiwango hakipandi tena. Methili zinamfikia, CheA anarudi kazini, anajipindua. Kwa bahati mbaya uelekeo mpya unamrudisha nyuma. Sasa aspati inapungua huku methili bado ni zile nyingi za mwanzo, hakuna sababu ya kuchelewesha, anajipindua mapema na kubahatisha tena. Vipimo vilivyofanywa baadaye vilionyesha kwamba E. coli kwa ujumla analinganisha sekunde 1 iliyopita na kama sekunde 3 za kabla yake.

Kwanini asikumbuke dakika nzima? Manake haitamsaidia. Kiumbe kidogo hivi molekuli za maji zinakigonga na kukizungusha, na ndani ya takriban sekunde 10 hata asipojipindua anakuwa ameshapotea uelekeo aliokuwa nao. Kumbukumbu ya sekunde 30 zilizopita inamweleza habari za upande ambao haelekei tena.

Ukitaka kuhakikisha kwamba mashine ndo iko hivi, ondoa kipande kimoja kimoja. Asiye na CheY hajipindui kabisa, anaogelea tu. Asiye na CheZ anajipindua muda wote. Asiye na CheR anaogelea tu, asiye na CheB anapindukapinduka. Inaendana na nilichokueleza hapo juu, jaribu mwenyewe kuifuata kichwani. Ila kuna mtego kwenye sahani. Watu wengi wanapima kemotaksisi kwa kudunga bakteria katikati ya agari laini sana, kama asilimia 0.3, halafu wanasubiri. Wazima wanakula serini na aspati zilizo karibu, wanatengeneza wenyewe tofauti ya kiwango, wanaifuata na unaona pete zikitanuka. Mbovu anabaki kidoa katikati. Usikimbilie kusema hajui kuogelea! Yule asiyejipindua kabisa anaogelea vizuri mno, ila anaingia kwenye vijitundu vya agari visivyo na njia ya kutokea na anakwama, kwasababu kujipindua ndo kungemtoa. Weka tone chini ya hadubini ndo useme.

Haya, twende kwenye akidi, na hii nitaenda haraka kidogo kwasababu mashine yake ni fupi.

Mfano wa kwanza kueleweka vizuri ni Vibrio fischeri, bakteria wa baharini anayetoa mwanga. Mmoja mmoja akielea baharini hawaki. Akiwa kwenye kiungo cha mwanga cha ngisi mdogo wa Hawaii, Euprymna scolopes, ambako wanabanana mpaka bilioni 10 na zaidi kwa mililita, wanawaka. Mwanga wa bakteria mmoja hauonekani na mtu na unagharimu nishati nyingi, hivyo kuwaka peke yake ni hasara tupu.

Mashine ina protini mbili tu za msingi. LuxI anatengeneza molekuli ndogo ya ishara (ni laktoni ya homoserini, jina refu tuliache), nayo inapita kwenye utando bila mlango wala kipokezi, inatoka na kuingia inavyotaka. LuxR yuko ndani, anaisubiri. Bakteria akiwa peke yake baharini anachotengeneza kinavuja na kupotea. Wakiwa wengi sehemu iliyofungwa kinachovuja kwa mmoja kinaingia kwa mwingine, kiwango ndani ya kila seli kinapanda. Na kiwango kinachotakiwa ni kidogo kushangaza, nanomola chache tu. Piga hesabu: seli yenye ujazo wa kama femtolita 1, kwa nanomola 10, ndani yake kuna wastani wa molekuli 6. Sita! Ishara ikishikana na LuxR, LuxR anaweza kukaa kwenye DNA na kuwasha jeni za mwanga. Na angalia jeni ya kwanza kwenye huo mstari unaowashwa:

```
luxI-luxC-luxD-luxA-luxB-luxE
```

Ni luxI yenyewe. Yaani kuwaka kwa mwanga kunaenda sambamba na kutengeneza ishara zaidi, ambayo inawasha zaidi, ambayo inatengeneza zaidi. Rudi sasa kwa E. coli ulinganishe. Kule mzunguko wa methili unafuta, unarudisha kila kitu mwanzo ili mabadiliko yajayo yaonekane. Huku mzunguko unachochea, ukivuka kiwango tu mfumo unajikaza wenyewe, na kuuzima unahitaji ishara ishuke chini zaidi ya pale ulipowakia. Ndo maana nakwambia ni majibu ya maswali mawili tofauti. Seli inayotafuta njia ikiwa na swichi inayojikaza itapotea, na seli inayosubiri wenzake ikiwa na mashine ya kuzoea itazoea umati na kusahau kuwaka.

Utajuaje kweli ni ishara wanayoitengeneza wenyewe na sio kitu kingine? Hili lilibishaniwa. Kwenye chupa mpya ya lishe bakteria wanagawanyika masaa kadhaa lakini kimeng'enya cha mwanga hakiongezeki, kwahiyo kwa kila seli kinapungua, halafu ghafla kinaruka juu haraka kuliko seli zenyewe zinavyoongezeka. Maelezo ya kwanza yaliyotolewa yalisema lishe mpya ina kizuizi, bakteria wanakiondoa taratibu, kikiisha wanawaka. Sio maelezo mabaya hata kidogo, na kwa kuangalia chupa moja huwezi kuyakanusha. Lakini mwaka 1970 Nealson, Platt na Hastings walionyesha kwamba maji ya chupa iliyokwisha kujaa bakteria, yakiondolewa seli zote, yakiongezwa kwa bakteria wachache yanawafanya waanze kutengeneza kimeng'enya mapema. Kwahiyo kuna kitu kilichowekwa ndani ya yale maji, na umbo lake la kikemia lilijulikana 1981. Jina la akidi lilikuja baadaye sana, 1994, kwenye makala ya Fuqua, Winans na Greenberg.

Na ngisi naye anaitumia vizuri. Usiku anawinda huku kamwanga ka tumboni kakimficha asionekane kama kivuli kwa wanaomtazama kutoka chini. Alfajiri anawatoa nje kama asilimia 95 ya bakteria wake. Waliobaki wanaongezeka mchana kutwa, ishara inajaa tena, jioni taa iko tayari. Bakteria waliokatwa jeni ya luxI wanaingia kwenye kiungo kama wengine lakini hawadumu humo vizuri, kwahiyo giza lina adhabu yake hata upande wa bakteria.

Kuna jambo moja hapa notsi nyingi zinalipotosha. Zinasema bakteria "wanahesabiana". Hawahesabu mtu. Wanachopima ni molekuli imejaa kiasi gani, na kujaa kunategemea vitu vitatu: wako wangapi, nafasi imefungwa kiasi gani, na maji yanatembea au yametulia. Bakteria wachache sana waliofungiwa kwenye tone dogo mno wanaweza kuwasha jeni za akidi, imeshafanyika maabara, hadi seli moja ya Staphylococcus iliyozungushiwa ukuta. Na kinyume chake, bakteria wengi tu waliojishika kwenye bomba lenye maji yanayopita kwa kasi wanaweza wasiwake kwasababu ishara inasombwa. Kuna watafiti walioenda mbali zaidi wakasema labda kazi ya asili ni kupima kama ukitoa kimeng'enya nje kitabaki karibu au kitapotea, wenzako wawepo wasiwepo. Mimi naona kwa V. fischeri ndani ya ngisi maelezo ya umati yanatosha, lakini kwa bakteria wa udongoni wanaomwaga vimeng'enya nje lile wazo lingine lina nguvu sana, na yote mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja.

Halafu usidhani kila akidi inamaanisha "washa". Bakteria wa kipindupindu, Vibrio cholerae, wakiwa wachache ndo wanatengeneza sumu na kushika utumbo, wakijaa wanazima hayo mambo na kuachia wakatoke waende kwa mwingine. Kwahiyo ukiulizwa kwenye mtihani akidi inafanya nini, jibu linategemea bakteria gani, usikariri "inawasha madhara".

Na kwenye lile swali lako kama ni kitu kimoja, kuna mahali vinakutana kweli. E. coli anatengeneza ishara ya akidi inaitwa AI-2, kwa kutumia protini ya LuxS. Hiyo AI-2 inashikwa na LsrB, protini iliyoko kati ya tando mbili, halafu LsrB anaenda kugusa Tsr, kipokezi kilekile cha serini nilichokutajia. Matokeo yake E. coli anaogelea kuelekea kule AI-2 iliko nyingi, yaani kule wenzake waliko, na wakikutana wanashikana mafungu. Molekuli ni moja, ila mashine ya kemotaksisi inaiuliza inaongezeka au inapungua, na pembeni jeni za lsr, zile zinazotengeneza LsrB, zinaiuliza imefika kiwango au bado.